Mswada wa Dakika Tatu Kuhusu Akaunti ya Akiba: Namna ya Kuwaeleza Makato na Riba Vijana Wanaoanza Kazi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, na tena yanapotoka ya kidato cha sita, walimu, watangazaji wa redio za jamii na vijana wanaorekodi kwa simu hapa Mtwara na Lindi huniletea maswali yale yale. Huuliza kama waanze na riba au na makato, kama wataje majina ya benki, na wafanyeje ili kijana aliyepata kibarua chake cha kwanza ghalani, bandarini au kwenye nyumba ya wageni asichoke kabla hawajamaliza sentensi ya tatu. Nimeamua kuyajibu kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa mswada mmoja tu, wa sauti au wa video, usiozidi dakika tatu, unaolinganisha akaunti mbili za akiba.

Mswada wote unajibu swali moja: nikiacha kiasi hiki kila mwezi, mwaka ukiisha nitakuta shilingi ngapi? Jambo lolote lisilosaidia kulijibu swali hilo litafutiwe mswada mwingine. Nimelishikilia sharti hili tangu binti mmoja anayefanya kazi ya usafi katika nyumba ya wageni Lindi aliponifungulia simu yake na kunionyesha ujumbe wa benki, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amesikia kipindi nilichokiandika mimi, ambacho kilianza na kuisha kwa kusifu riba ya asilimia nne. Aliweka shilingi 20,000 na hakuzigusa kwa miezi sita. Kila mwezi ulikuja ujumbe wa kukatwa shilingi 1,500, na mwisho wa miezi sita alibaki na shilingi 11,000 na riba ambayo haikufika shilingi mia tatu. Benki haikumficha kitu, kwa kuwa makato yalikuwa yameandikwa kwenye fomu aliyotia saini. Aliyeyaacha nje ya maelezo ni mimi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

Uwe na orodha ya ada na tozo ya kila akaunti unayotaka kulinganisha, iliyochukuliwa tawini au kwenye tovuti ya benki yenyewe, yenye tarehe ya kuanza kutumika. Usitegemee tangazo la ukutani wala maneno ya rafiki. Uwe na daftari, kalamu na kikokotoo cha simu. Tafuta vijana watatu ambao hawajawahi kuwa na akaunti, watakaokubali kukusikiliza ukisoma kwa sauti. Na kama inawezekana, pata taarifa ya akaunti ya miezi mitatu ya mtu anayeitumia akaunti hiyo, akiwa amefuta jina na namba yake, kwa sababu taarifa hiyo huonyesha makato ambayo orodha imeyaweka mbali, ukurasa wa tatu au wa nne.

Hatua ya 1: Chagua kijana mmoja na mwezi wake mmoja

Usiandike kwa ajili ya "vijana". Andika kwa ajili ya mtu mmoja ambaye unajua mshahara wake, siku anayolipwa na namna anavyotumia fedha. Katika mwongozo huu nitatumia kijana aliyemaliza kidato cha nne na kuajiriwa kuhesabu magunia kwenye ghala la korosho Mtwara mjini. Mshahara wake ni shilingi 200,000 kwa mwezi, unaingia benki, naye amekusudia kubakiza shilingi 30,000 kila mwezi na kutoa 170,000 kwa ajili ya chakula, chumba, nauli na fedha ya kumtumia mama.

Amua hapa hapa jambo ambalo waandishi wengi hulisahau: kijana huyu hutoa fedha mara ngapi? Yuko anayetoa 170,000 zote mara moja siku ya mshahara, na yuko anayechukua kidogo kidogo kila Jumamosi. Utaona katika hatua ya 4 kwamba tabia hii, kuliko riba, ndiyo inayoamua ni akaunti ipi inayomfaa.

Hatua ya 2: Kusanya tarakimu nne za kila akaunti

Orodha ya ada huwa na mistari mingi, ikiwemo ya hundi, ya barua za udhamini na ya kutuma fedha nje ya nchi, ambayo kijana huyu hataigusa. Wewe chukua tarakimu nne tu: riba kwa mwaka, makato ya kila mwezi ya kuendesha akaunti, gharama ya kutoa fedha mara moja, na kiasi cha chini ambacho salio lazima likifikie ndipo riba ianze kulipwa.

Ukiwa tawini, muulize mhudumu wa wateja maswali matatu na uandike majibu mbele yake. La kwanza, je, bei hizi zimeshajumuisha kodi? Ada za benki hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na baadhi ya orodha huandika bei kabla ya kodi. Makato ya 1,500 yaliyoandikwa hivyo huwa 1,770 kwa kodi hiyo peke yake, na kwa mwaka tofauti inakuwa shilingi 3,240. La pili, je, riba inakokotolewa kwa salio la kila siku au kwa salio la chini kabisa la mwezi? La tatu, je, yapo makato yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama ya kadi, au yanayokuja kwa matumizi, kama ya ujumbe mfupi na ya kuangalia salio kwenye mashine?

Kuhusu gharama ya kutoa, andika zaidi ya bei moja. Mashine ya benki yenyewe, mashine ya benki nyingine na wakala huwa na bei tofauti, na kwa wakala bei hupanda kadiri kiasi kinavyopanda. Kwa huku kwetu jambo hili si dogo. Malipo ya korosho yanapoingia, foleni kwenye mashine huwa ndefu na fedha huisha mapema, hivyo hata mwenye kadi huishia kwa wakala. Kijana anayekaa mbali na mji ana nauli ya kwenda na kurudi ambayo haimo kwenye orodha ya benki yoyote, lakini inatoka mfukoni mwake mule mule. Katika hesabu yako tumia bei ya mahali ambapo kijana wako atatolea kweli.

*Onyo:* usichanganye orodha za miaka tofauti. Mlinganisho wa bei mpya ya benki moja na bei ya zamani ya benki nyingine utampotosha msikilizaji hata kama kila tarakimu ni ya kweli.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka mzima

Tuchukue akaunti mbili. Tarakimu zake ni za mfano. Wewe utaweka ulizozikusanya. Akaunti ya kwanza inatoa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, inakata 1,500 kila mwezi, na kila kutoa ni 1,000. Akaunti ya pili inatoa riba ya asilimia 2, haina makato ya mwezi, na kila kutoa ni 1,800. Kanuni ya kuzilinganisha ni hii:

```
baki = uliyoweka + riba - kodi ya riba - makato ya mwezi - gharama za kutoa
```

Wengi huteleza kwenye riba, kwa sababu huchukua 360,000 zilizowekwa kwa mwaka na kuzizidisha kwa asilimia 4 na kupata 14,400. Hilo ni kosa. Elfu thelathini za mwezi wa kwanza zimekaa benki miezi kumi na miwili, lakini za mwezi wa mwisho zimekaa mwezi mmoja tu. Jumlisha salio la kila mwezi, yaani 30,000, kisha 60,000, kisha 90,000, hadi 360,000, utapata 2,340,000. Gawanya kwa 12 na wastani wa salio unakuwa 195,000. Asilimia 4 ya kiasi hicho ni 7,800, na asilimia 2 ni 3,900.

Riba hiyo haifiki yote mkononi. Mkazi wa Tanzania anayelipwa riba na benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo benki yenyewe huikata na kuipeleka. Kwa hiyo 7,800 zinabaki 7,020, na 3,900 zinabaki 3,510. Kodi inakata riba peke yake, si fedha alizoweka, na mswada wako uliseme hilo wazi kwa sababu vijana wengi husikia neno "kodi" wakadhani akiba yao inapunguzwa.

Sasa weka makato ya mwezi. Kwenye akaunti ya kwanza ni 1,500 mara 12, yaani 18,000. Kabla ya kutoa fedha hata mara moja, akaunti ya kwanza inabaki na 349,020 na ya pili 363,510. Akaunti yenye riba maradufu imeachwa nyuma kwa shilingi 14,490, tena imerudisha chini ya zile 360,000 alizoweka.

Hesabu hii nimeilainisha kwa makusudi mahali pawili. Nimehesabu riba ya zile fedha zinazobaki mwezi mzima tu, sikuhesabu ya mshahara unaopita, na sikupunguza makato kwenye salio mwezi kwa mwezi. Nimezipima athari zote mbili, na hakuna hata moja inayobadilisha jibu la nani anashinda katika mfano huu, kwa hiyo haifai kumchosha msikilizaji nazo.

Hatua ya 4: Tafuta mahali jibu linapogeuka

Mlinganisho unaoishia kwenye hatua ya 3 haujakamilika, kwa kuwa unamwambia kila mtu achague akaunti ya pili, jambo ambalo si kweli. Weka gharama za kutoa. Anayetoa mara moja kwa mwezi atalipa 12,000 kwa mwaka kwenye akaunti ya kwanza na 21,600 kwenye ya pili. Atabaki na 337,020 au 341,910, na akaunti ya pili bado iko mbele. Anayetoa mara nne kwa mwezi atalipa 48,000 kwenye ya kwanza na 86,400 kwenye ya pili. Huyo atabaki na 301,020 au 277,110. Hapo akaunti ya kwanza, pamoja na makato yake ya kila mwezi, imempita mwenzake kwa karibu shilingi elfu ishirini na nne.

Mahali penyewe pa kugeuka hupatikana kwa mgawanyo mmoja. Akaunti ya pili ilianza ikiwa mbele kwa 14,490, na kila kutoa kunaipotezea 800 kulinganisha na ya kwanza. Gawanya 14,490 kwa 800, unapata kumi na nane na kidogo. Anayetoa hadi mara 18 kwa mwaka achukue ya pili. Anayetoa mara 19 au zaidi achukue ya kwanza. Hii ndiyo sentensi ambayo msikilizaji ataibeba hadi dirishani, kwa hiyo ipe nafasi, na uiseme kwa lugha ya mwezi: anayetoa mara moja kwa mwezi, ya pili, anayetoa mara mbili na zaidi, ya kwanza.

Ipo tarakimu nyingine moja ambayo mimi hupenda kuiweka, nikiwa na sekunde za kutosha. Ni salio gani linatosha ili riba ya asilimia 4 ilipe makato ya mwezi tu, bila faida yoyote? Baada ya kodi, asilimia 4 inabaki 3.6. Gawanya 18,000 kwa 0.036, jibu ni 500,000. Kijana lazima awe na nusu milioni iliyokaa mwaka mzima ndipo riba ilingane na makato. Chini ya hapo, riba haitoshi hata kuyalipa.

Hatua ya 5: Safisha maneno kabla ya kuandika mazungumzo

Baadhi ya maneno ya benki yana maana nyingine kichwani mwa kijana aliyetoka shule juzi. "Ada" kwake ni ya shule, kwa hiyo andika "makato". "Salio" kwake ni la simu, kwa hiyo sema "salio la akaunti" mara ya kwanza unapolitaja. "Riba" ndilo gumu kuliko yote. Wengine hulijua kama fedha unayomlipa aliyekukopesha, basi sema "riba ya akiba, yaani fedha ambayo benki inakulipa wewe". Wengine, na huku pwani ni wengi, hawaichukui kwa sababu ya dini. Usiwahubirie wala usiwapuuze. Waambie kwamba zipo akaunti zisizolipa riba, zikiwemo zinazoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na kwamba mlinganisho wao ni mwepesi zaidi: waache mstari wa riba, walinganishe makato na gharama za kutoa.

Halafu tarakimu. Kwenye mswada usiandike tarakimu kwa namba, ziandike kama zitakavyotamkwa. Ukiandika 35,000 msomaji mmoja atasema "elfu thelathini na tano", na msikilizaji anaweza kusikia 30,005. Andika "thelathini na tano elfu", hapo hakuna anayekosea. Ziweke "laki" kama watu wanavyosema sokoni, na punguza mikia: 349,020 iwe "laki tatu na arobaini na tisa elfu". Anayetaka zile shilingi ishirini atazikuta kwenye picha au kwenye ujumbe utakaoambatana na sauti.

*Onyo:* kila unapotaja asilimia, malizia na "kwa mwaka". Nimewajaribu vijana mara nyingi, na neno hilo likikosekana wengi wao hudhani asilimia nne inaingia kila mwezi.

Hatua ya 6: Andika mazungumzo

Kwa usomaji wa utulivu ninahesabu maneno 110 kwa dakika, kwa hiyo dakika tatu zina maneno 330. Sauti mbili hufaa kuliko moja, kwa sababu mmoja atauliza kile ambacho msikilizaji angeuliza. Mimi hutumia dada na mdogo wake, kwani huku ndugu aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayeombwa ushauri kwanza. Kiini cha mswada kinaweza kuwa hivi:

MDOGO: Shikamoo dada. Nimeitwa ghalani, naanza Jumatatu. Wamesema mshahara unapitia benki.

DADA: Marahaba, hongera sana. Akaunti umeshachagua?

MDOGO: Nimeona mbili. Moja riba yake asilimia nne kwa mwaka, nyingine mbili. Nachukua ya nne.

DADA: Lete daftari kwanza. Utaacha kiasi gani kila mwezi?

MDOGO: Elfu thelathini.

DADA: Mwaka ukiisha umeweka laki tatu na sitini elfu. Akaunti ya kwanza itakupa riba ya akiba, ukitoa kodi, kama elfu saba. Ila kila mwezi inakata elfu moja na mia tano. Zidisha mara kumi na mbili.

MDOGO: Kumi na nane elfu. Yaani wananipa saba, wanachukua kumi na nane?

DADA: Ndiyo. Ya pili riba yake ni kama elfu tatu na mia tano, lakini haina makato ya mwezi.

MDOGO: Basi nachukua ya pili.

DADA: Usikimbilie. Fedha utakuwa unatoa mara ngapi kwa mwezi?

MDOGO: Kila Jumamosi.

DADA: Hiyo ya pili kila ukitoa ni elfu moja na mia nane. Ya kwanza ni elfu moja. Ukitoa mara nne kwa mwezi, ya kwanza itakubakizia laki tatu na elfu moja. Ya pili itakubakizia laki mbili na sabini na saba elfu.

MDOGO: Kumbe imegeuka! Na nikitoa mara moja tu, siku ya mshahara?

DADA: Ya pili ndiyo inayokufaa. Utabaki na laki tatu na arobaini na moja elfu, na zaidi kidogo.

MDOGO: Kwa hiyo nijiulize kwanza natoa mara ngapi.

DADA: Ndiyo. Kisha uombe orodha ya makato, uangalie riba, makato ya mwezi, bei ya kutoa, na riba inaanzia salio gani.

Zingatia kwamba dada hakutaja benki yoyote. Kutaja benki kwenye sauti kunafanya maelezo yaonekane ni tangazo, na bei ikibadilika rekodi yote inakuwa na kosa. Sema "akaunti ya kwanza" na "akaunti ya pili", kisha umwachie msikilizaji kazi ya kupeleka maswali manne tawini.

Watu hunishauri niongeze habari za usalama wa fedha. Ni kweli kwamba Bodi ya Bima ya Amana hufidia wateja benki ikifilisika, hadi kikomo cha shilingi 7,500,000 kwa mteja, lakini kinga hiyo iko sawa kwa akaunti zote mbili na haimsaidii kijana kuchagua kati yake. Ukitaka, iweke kwa sentensi moja mwishoni.

Hatua ya 7: Wasomee wale vijana watatu

Soma mara moja, kwa mwendo wa redio, bila kuwaonyesha karatasi. Kisha mwambie kila mmoja peke yake maneno haya: "Wewe utatoa fedha mara mbili kwa mwezi. Ungechukua akaunti ipi, na kwa nini?" Jibu sahihi ni ya kwanza. Akijibu sahihi lakini akashindwa kusema kwa nini, amebahatisha. Akitaja riba kama sababu, mswada wako bado unaipa riba sauti kubwa kuliko inavyostahili, na mara nyingi kosa liko kwenye mistari mitano ya mwanzo. Rekebisha kisha uwatafute wengine watatu, kwa sababu wale wa kwanza wameshalijua jibu.

Mambo yanayokwama, na namna ya kuyatatua

*Hesabu yako hailingani na taarifa ya akaunti uliyopewa.* Anza na kodi: zidisha kila makato kwa 1.18 uone kama yanalingana. Yasipolingana, tafuta makato ya ujumbe mfupi na ya kadi. Ikiwa ni riba ndiyo pungufu, chunguza kiasi cha chini cha salio. Tuseme akaunti ya kwanza hulipa riba kuanzia salio la 100,000. Kijana wetu atafika hapo mwezi wa nne, akiwa na 120,000, na miezi mitatu ya mwanzo haitamlipa kitu. Riba ya mwaka inashuka kutoka 7,800 hadi 7,200 kabla ya kodi. Kwa anayeacha elfu thelathini ni hasara ndogo, lakini kwa anayeacha elfu tano kila mwezi hatafika laki moja mwaka mzima, na riba yake itakuwa sifuri.

*Msikilizaji anasema mwajiri ameshachagua benki.* Hili ni la kawaida sana kwenye viwanda na maghala, na mswada usiposema lolote kijana huona maelezo yote hayamhusu. Ongeza mistari miwili: benki moja huwa na aina kadhaa za akaunti, na mlinganisho ule ule hufanyika kati ya akaunti mbili za benki hiyo hiyo. Aulize pia kama anaweza kupokelea mshahara kwenye akaunti moja na kuhamishia elfu thelathini kwenye akaunti ya akiba, na kama kuhamisha huko kuna makato. Kama hakuna, atatoa fedha za matumizi kwenye akaunti yenye bei nafuu ya kutoa na kuiacha akiba mahali pasipo na makato ya mwezi.

*Mswada umefika dakika tano.* Usipunguze hesabu ya kutoa fedha. Punguza salamu, punguza maelezo ya benki ni nini, na uondoe historia ya dada alivyopata kazi. Ikibidi, ondoa akaunti yoyote ya tatu uliyoiingiza, kwani kwa sauti peke yake sikio hushika mbili tu.

*Kijana hana kitambulisho cha Taifa bado.* Swali hili litakuja hata usipolialika, hasa kwa aliyetimiza miaka 18 karibuni. Usilijibu ndani ya mswada, maana litakula dakika nzima. Liwekee ujumbe wa maandishi pembeni, unaosema aulize tawini kama namba ya utambulisho inatosha wakati kadi yenyewe haijatoka.

*Rekodi imepitwa na wakati.* Taja mwezi na mwaka wa bei ndani ya sauti yenyewe, katika sentensi ya mwisho ya dada, na si kwenye maelezo ya pembeni tu, kwa sababu rekodi ikishasambazwa kwenye makundi ya simu maelezo ya pembeni hupotea. Kisha weka kwenye daftari tarehe ya kurudi tawini baada ya miezi sita. Ikiwa hata tarakimu moja kati ya zile nne imebadilika, rudia mgawanyo wa hatua ya 4 kabla ya kurekodi upya, kwa kuwa badiliko la shilingi mia mbili kwenye gharama ya kutoa linatosha kuhamisha mahali jibu linapogeuka.